Mchanga juu, kichanja chini: uchambuzi wa video moja ya dagaa wa Kibirizi

Mteja ni mama anayenunua dagaa mwaloni Kibirizi, hapa Kigoma, anawakausha na kuwapakia kwa wateja wake wa Tabora na Dar es Salaam. Dagaa wake waliokaushwa juu ya kichanja anawauza bei ya juu kuliko waliokaushwa mchangani, na kila mteja mpya humuuliza swali lilelile: tofauti iko wapi? Akataka video fupi ya simu ya kulijibu. Dagaa wa mchangani waonekane upande mmoja na wa kichanjani upande wa pili, halafu uso wake uwe kwenye kona akitazama na kusema neno, kama wafanyavyo wanaorekodi riaksheni.

Kazi ilichukuliwa na kijana wa Mwanga mwenye simu nzuri na mkono mwepesi kwenye CapCut. Alipomaliza, mama alitazama mara moja tu akasema, "Mwanangu, hii siitumi. Dagaa wangu wa mchanga si weusi namna hii, watu wataniona mwongo." Kijana akaniletea mradi mzima kwenye laptopu. "Kaka, mimi naona iko sawa," akasema. Vipande vilikuwa vimekatwa vizuri na muziki ulikuwa wa wastani. Matatizo yake ni yale yanayoipata karibu kila video ya kulinganisha, kwa hiyo nayaeleza kwa mpangilio tulioyashughulikia.

La kwanza ni umbo. Video ilikuwa ya wima, pikseli 1080 kwa 1920, na kijana aliigawa kushoto na kulia. Kila nusu ikabaki na upana wa pikseli 540 na urefu wa 1920, yaani kichochoro. Kichanja ni meza ndefu ya nyavu, na dagaa wa mchangani nao hutandazwa kwa upana kama mkeka. Ukikiingiza kitu kipana kwenye kichochoro una njia mbili: ukipunguze mpaka kibaki mstari mwembamba katikati, au ukikate mpaka kibaki kipande kisichojulikana ni cha nini. Kijana alikata. Upande wa kulia ilionekana miguu ya kichanja na mkono wa mtu, na dagaa wenyewe walikuwa wachache pembeni.

Ukigawa fremu hiyohiyo juu na chini, kila nusu inakuwa 1080 kwa 960, karibu mraba, na kitu kipana kinakaa humo bila shida. Kushoto na kulia kunafaa kama unalinganisha watu wawili waliosimama, au kama video yenyewe ni ya mlalo. Hapo fremu ya 1920 kwa 1080 inakupa nusu mbili za 960 kwa 1080, ambazo pia ni karibu mraba. Kwa hiyo kabla ya kuchagua mpangilio ninatazama umbo la kitu kinacholinganishwa. Violezo vilivyomo kwenye programu ninavitazama baadaye, kama ninavitazama kabisa.

Kuna jambo linalofuata hapo ambalo wengi hulikosea tangu kwenye kurekodi. Kwa kuwa video ya mwisho ni ya wima, mtu anadhani klipu nazo zirekodiwe wima. Kwa nusu za juu na chini ni afadhali simu uilaze. Klipu ya wima ikiingia kwenye nusu ya 1080 kwa 960 inapoteza nusu nzima ya kimo chake. Klipu ya mlalo ikipunguzwa mpaka kimo cha 960 inakuwa na upana wa pikseli kama 1707, kati ya hizo unabakiza 1080, kwa hiyo unapoteza chini kidogo ya moja ya tano kila upande. Tuliporudia kurekodi tulibandika vipande viwili vya selotepu kwenye kioo cha simu, kimoja kila upande, kuonyesha mwisho wa eneo litakalobaki. Mrekodi akajua kwamba chochote kilicho nje ya selotepu hakipo.

Sasa weusi wa dagaa, ambao ndio uliomkera mama na ndio kiini cha kisa hiki. Kijana hakugusa rangi yoyote. Simu ndiyo iliyogusa. Kamera ya simu ikiachiwa ijipangie mwanga, hutazama fremu nzima na kutafuta wastani. Mchanga wa ufukweni saa sita mchana unameremeta, kamera ikaona mwanga umezidi ikapunguza, na dagaa waliokuwa juu ya mchanga wakafifia hadi kuwa kijivu cheusi. Kichanja kilikuwa na wavu wa rangi nyeusi na kivuli chini yake. Kamera ikaona giza, ikaongeza mwanga, na dagaa wa pale wakang'aa kama fedha. Ukiwatazama kwa macho mwaloni, tofauti ya rangi ipo lakini ni ndogo. Kwenye skrini iliyogawanywa ilikuwa kubwa mno, kwa sababu jicho lilikuwa linalinganisha maamuzi ya kamera mbili likidhani linalinganisha dagaa.

Klipu hizo zikitazamwa moja baada ya nyingine, kosa hili halionekani kirahisi. Zikikaa pamoja linaonekana, lakini mtazamaji hajui kuwa ni kosa, yeye anaamini. Namna ya kuligundua ni kutafuta kitu kilichomo katika nusu zote mbili ambacho unajua kwa hakika kina rangi moja. Katika klipu za kijana kulikuwa na ndoo nyeupe ileile, wakati mmoja iko mchangani na wakati mwingine iko chini ya kichanja. Mchangani ilikuwa ya kijivu chenye ubuluu, kichanjani ilikuwa nyeupe inayoelekea njano. Ndoo moja imekuwa na rangi mbili, basi na dagaa nao wamebadilishwa.

Tulipokwenda kurekodi upya tulichukua sahani nyeupe ya bati, tukaiweka kwenye kila fremu pembeni mwa dagaa. Simu ilielekezwa kwenye sahani, kidole kikashikilia juu yake mpaka kamera ifunge mwanga na fokasi (kwenye iPhone huandikwa `AE/AF LOCK`, simu nyingine huonyesha alama ya kufuli), ndipo fremu ikapangwa. Hata hivyo sahani mbili hazikulingana kabisa, maana simu zilikuwa mbili za aina tofauti. Kilichobaki tulikimalizia kwenye kuhariri. Nusu ya kichanja iliachwa ilivyo, na ya mchanga ikapandishwa mwanga na kuongezwa joto la rangi kidogo kidogo hadi sahani zikafanana. Ilibidi kuacha upande mmoja bila kuugusa, kwa sababu ukianza kurekebisha pande zote mbili huku na huku utazunguka mchana kutwa. Sahani zenyewe hazionekani sana kwenye video ya mwisho. Nyingine zimekatwa kabisa nje ya selotepu, na haidhuru, kwani kazi yake ilikuwa imekwisha.

Muda ulikuwa na matatizo ya aina mbili, na si vizuri kuyachanganya. Lile dogo lilikuwa la saa za siku. Kijana alikuwa peke yake, akirekodi mchangani kisha anatembea hadi kichanjani, na katikati anapiga soga. Klipu aliyoiandika "saa tano" upande wa mchanga ilikuwa ya saa tano kweli, ila mwenzake wa kichanjani ilikaribia saa sita na nusu. Kwa jua la Kigoma wakati wa kiangazi, saa moja na nusu ya mchana kati inambadilisha dagaa sana. Hilo hatukulijua kwa kutazama. Tulilijua tulipopata faili halisi kutoka kwenye simu zenyewe na kusoma saa zilizorekodiwa. Faili alizokuwa ananitumia mwanzo zilipitia WhatsApp. Zilikuwa zimepunguzwa ubora, na jina la mtindo wa `VID-...-WA0003.mp4` linabeba tarehe ya kutumwa, saa ya kurekodiwa halina. Siku hizi klipu za kulinganisha nazipokea kwa waya, au zikija kwa WhatsApp ziwe zimetumwa kama `Document`.

Lile kubwa lilikuwa la sekunde. Mama alikuwa na hoja moja nzuri kuliko zote: mvua. Mawingu yakitanda ghafla, dagaa wa mchangani lazima waanuliwe, wakusanywe wote kabla hawajalowa, lakini wa kichanjani hufunikwa turubai pale pale. Akataka ionekane kama mbio: watu wawili kila upande, filimbi moja, na simu mbili zinarekodi kwa pamoja. Hapa ndipo skrini iliyogawanywa inapata sababu ya kuwepo, kwa kuwa mtazamaji anahitaji kuona mambo mawili yanayotokea kwa wakati mmoja. Picha za dagaa wametulia zingeweza hata kufuatana moja baada ya nyingine na zikaeleweka.

Katika toleo la kijana, mbio hizi zilianza sawa na kuishia vibaya. Mwanzoni filimbi ililingana na picha, lakini kelele ya "tayari!" ya mwisho, ambayo simu zote mbili ziliidaka, haikulingana tena na picha. Alama hiyo ilionyesha kwamba picha zimeachana njiani. Simu nyingi hazirekodi idadi moja ya fremu kwa sekunde toka mwanzo hadi mwisho. Mwanga ukipungua, na siku ile wingu lilikuwa limetanda kweli, simu hupunguza fremu ili kila moja ipate mwanga zaidi. Faili hubeba saa ya kila fremu, ila baadhi ya programu za kuhariri hazizifuati, huhesabu tu fremu kana kwamba zote ziko sawa kwa sawa. Klipu moja inakimbia, nyingine inabaki nyuma. Katika klipu fupi huoni kitu. Katika klipu ya dakika tatu au nne mtu wa mchangani anaonekana mzembe kuliko alivyo.

Dawa yake ni kuzibadilisha klipu ziwe na fremu thabiti kabla ya kuzipanga. Kwa kuwa laptopu ilikuwepo, kazi yote ya mbio tuliifanya kwa ffmpeg, programu ya video inayoendeshwa kwa amri za kuandika:

```
ffmpeg -ss 4.20 -i mchanga.mp4 -ss 7.65 -i kichanja.mp4 \
-filter_complex "[0:v]fps=30,scale=-2:960,crop=1080:960[a];\
[1:v]fps=30,scale=-2:960,crop=1080:960[b];[a][b]vstack[v]" \
-map "[v]" -map 0:a -c:v libx264 -crf 20 -pix_fmt yuv420p mbio.mp4
```

Namba zilizo baada ya `-ss` ni sekunde ambayo filimbi inasikika katika kila faili. Unazipata kwa kuufungua mchoro wa sauti na kutafuta mwiba wa filimbi. `fps=30` ndiyo inayosawazisha fremu, `scale` inapunguza kimo hadi 960, `crop` inachukua katikati, na `vstack` inaweka ya kwanza juu ya ya pili. Klipu ya kichanja tulikuwa tumeikata mwisho wake mara turubai lilipokaa, kwa hiyo ni fupi. `vstack` isipoambiwa vinginevyo huigandisha fremu ya mwisho ya ile iliyoisha na kuiacha nyingine iendelee. Ndicho tulichotaka: nusu ya chini imesimama, turubai limefunika, na nusu ya juu watu bado wanazoa dagaa kwa mikono. Kwenye CapCut unapata hali hiyo kwa `Freeze`. Ukiweza, ipunguzie mwanga nusu iliyogandishwa kidogo, mtazamaji aelewe kuwa huko kumeisha na simu yake haijakwama.

Kulikuwa pia na hila ndogo ya umbali. Simu mbili zilikuwa kama mita 30 kutoka moja hadi nyingine, na mpuliza filimbi alisimama karibu na kichanja. Sauti husafiri takriban mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo filimbi ilifika mchangani ikiwa imechelewa karibu fremu tatu. Kwa mbio za dakika tatu hiyo si kitu, tuliiacha. Kwa video ya kulinganisha wapiga ngoma wawili ningeirekebisha.

Sharti moja nililishikilia kwa ukali, na kijana aliliona ni ukaidi: ndani ya mbio hakuna kukata upande mmoja. Alitaka kuondoa sekunde ambazo mtu wa mchangani alijikwaa kwenye kamba. Ukizitoa hizo upande mmoja, saa ya upande huo haipo tena, na ulinganisho umekufa hata kama hakuna atakayegundua. Ukiona mbio ni ndefu mno, harakisha pande zote mbili kwa kiwango kilekile na uandike kwamba umeharakisha. Kwenye CapCut hatari hii inakuja hata bila kukusudia. Klipu iliyo kwenye mstari mkuu ukiikata, zinazofuata zinasogea kujaza pengo, huku zile za `Overlay` zikiweza kubaki nje ya mahali pake. Kwa hiyo naweka picha nyeusi kwenye mstari mkuu, na nusu zote mbili naziingiza kama `Overlay`, ili zote ziwe chini ya sheria moja.

Tumebakiwa na uso wa mama. Kijana aliuweka kona ya chini kulia, mahali ambapo karibu kila mtu huuweka. Kwenye TikTok upande wa kulia una alama za kupenda, maoni na kushiriki, na chini kuna maelezo ya video. Mama alikuwa amezibwa nusu ya uso na alama ya moyo. Kwenye skrini ya juu na chini kuna mahali pazuri zaidi, nako ni juu ya mshono wenyewe, upande wa kushoto. Tuliukata uso kwa `Mask` ya duara, kipenyo kama pikseli 340, kitovu chake kikakaa juu ya mstari unaotenga nusu mbili. Pale anazibia kila upande kiasi kilekile, hapendelei mchanga wala kichanja, na pia anaonekana kama mwamuzi aliyekaa katikati, kitu ambacho hatukukipanga ila kilimpendeza. Maandishi ya maneno yake yakawekwa kwenye mshono huohuo, kulia kwake, na majina MCHANGANI na KICHANJANI yakakaa upande wa kushoto wa kila nusu, nje ya duara la uso.

Riaksheni yenyewe ilirekodiwa vibaya mwanzoni. Mama alikuwa anaitazama video kwenye simu nyingine yenye sauti juu, na sauti hiyo ikaingia kwenye rekodi ya uso wake. Ilipochanganywa na sauti ya video yenyewe, filimbi ikawa na mkia. Ni lazima avae spika za masikioni. Lakini akivaa, rekodi ya uso haina tena alama ya kuilinganisha na video. Tukaweka mlio mfupi mwanzoni mwa video anayoitazama, spika moja ya sikio tukaibana kwenye maiki ya simu inayomrekodi mpaka mlio upite, kisha akaivaa na kuendelea. Mlio huo upo katika rekodi zote mbili, unazipanga hapo, halafu unaukata. Tulimwambia pia asisimamishe video hata akitaka kusema mengi. Akisimamisha, uso wake unaendelea kwa muda ambao video haina, nawe itabidi ugandishe picha kuu kila mahali kwa kukisia. Alipokuwa na la kusema zaidi, tulimpa skrini nzima mwishoni.

Sehemu moja ya kisa haikuingia kwenye mpangilio wowote. Wateja wanalalamikia chembe za mchanga mdomoni, na hakuna namna ya kugawa skrini itakayozionyesha, kwa sababu dagaa wenye mchanga na wasio nao wanafanana kwa umbali wa hatua moja. Kijana alitaka kusogeza kamera karibu pande zote mbili, ikawa ukungu pande zote mbili. Mama ndiye aliyeleta glasi mbili za maji. Akaosha kiganja cha dagaa wa mchangani katika moja na kiganja cha wa kichanjani katika nyingine, akaziweka juu ya kreti na kungoja yatulie. Kwenye glasi moja tabaka la mchanga lilishuka likakaa chini, unene wa ukucha. Glasi zote mbili zilikuwa ndani ya fremu moja, zimepigwa na jua moja na kamera moja. Hapo kugawa skrini kungekuwa kujitafutia taabu ya mwanga tuliyokwisha kuitatua, na kungempa mtazamaji nafasi ya kushuku kwamba glasi zilirekodiwa siku tofauti. Tukaiacha skrini nzima, uso wa mama ukatolewa, ikabaki sauti yake.

Kutuma kulikuwa na hila yake ya mwisho. Wateja wa mama wako WhatsApp zaidi kuliko TikTok, na huko video hubanwa. Kinachoumia kwanza ni maandishi membamba na mstari mwembamba wa mshono, ambao ukibanwa hucheza kama wadudu. Mshono tuliupa pikseli 8 za rangi nyeupe, na herufi tukazikuza hadi zikasomeka simu ikiwa imenyooshwa mkono mzima. Kabla ya kumkabidhi, kijana alijitumia mwenyewe kupitia simu yenye kioo kidogo, akaitazama juani mwaloni, ambako ndiko wachuuzi wengi wataitazama. Jina KICHANJANI lilipotea juu ya dagaa wanaomeremeta, akaliwekea kibao cheusi nyuma, na lile la juu akalifanyia vivyo hivyo ili pande zibaki sawa.